Kadi ya ahadi ya ujenzi na kadi ya shukrani: tulivyotengeneza zetu za paa, hatua kwa hatua

Huku kwetu mlimani Desemba ndo mwezi wa ahadi. Wale wa Dar na Mwanza wamerudi nyumbani, kanisa limejaa mpaka watu wamekaa nje kwenye mabenchi, na baada ya matangazo mwenyekiti wa kamati ya ujenzi anasimama na bunda la kadi mkononi. Hizo kadi mara nyingi ndo nazitengeneza mimi, nina meza ya stesheneri Moshi mjini na pia ni katibu wa kamati kwenye mtaa wetu, kwahiyo naziona pande zote mbili, zinavotoka kwenye printa na zinavorudi mezani miezi kumi baadae zimekunjwa mara nne na zina doa la mafuta ya kula.

Nitaelezea kazi moja tu, ile ya paa, kwasababu ndo tuliyoifanya vizuri baada ya kuharibu mara ya kwanza. Kuta zilikuwa zimeshafika kwenye linta, tukawa tunahitaji mbao, bati, misumari na hela ya fundi, jumla shilingi milioni 36.

Anza na hesabu, picha ya kanisa baadae

Watu wakija mezani kwangu kitu cha kwanza wanachotoa ni picha. Picha ya kanisa lilivyo, au ule mchoro wa fundi wenye magari yamepaki nje. Mimi nawauliza mnatafuta shilingi ngapi, kutoka kwa familia ngapi, kwa muda gani, na hapo kimya. Bila hayo majibu matatu huwezi kujua vile viboksi vya kiasi kwenye kadi uandike nini, na viboksi ndo kadi yenyewe.

Sisi tulijua sio kila ahadi inafika. Kuna anayehama, kuna anayeuguliwa, kuna aliyeandika kwa furaha ya Krismasi tu. Tukakubaliana kwenye kamati tuhesabu kwamba robo haitaingia, maana yake ili tupate milioni 36 inabidi ahadi zifike milioni 48. Daftari la jumuiya lilikuwa na familia kama 200 tukijumlisha na watoto wa hapa wanaoishi nje. Tukagawanya hivi: familia 10 za milioni moja moja hiyo ni milioni 10, familia 30 za laki tano ni milioni 15, familia 70 za laki mbili ni milioni 14, na familia 90 za laki moja ni milioni 9. Ukijumlisha ni familia 200 na milioni 48 kamili.

Af ukae chini na wazee wa jumuiya uwaulize, je hapa kwetu kweli kuna familia 10 za milioni moja? Wakikuambia zipo nne, rudi kwenye hesabu kabla hujaenda kwenye kompyuta. Inawezekana muda uongezwe, inawezekana paa liezekwe nusu nusu, ila usiache ile safu ya juu iwe ya ndoto kisha ukategemea ya chini iokoe, haitaokoa.

Muda tulichagua miezi kumi, Januari mpaka Oktoba, na sababu yake ni ya kivivu kabisa: kugawanya kwa kumi kila mtu anaweza kichwani. Laki mbili ni elfu 20 kwa mwezi, laki tano ni elfu 50. Mama muuza ndizi hahitaji mtu wa kumpigia hesabu, na Novemba na Desemba tunabaki nazo za kuwakumbusha waliochelewa kabla ya kuanza mchango mwingine.

Kadi ina vipande viwili

Hili ndo kosa ninaloliona sana. Mtu anachapa kadi nzuri, ngumu, inang'aa, mwumini anaijaza na anaondoka nayo nyumbani, na kanisani hakibaki kitu isipokuwa karani aliyekuwa anakimbizana na majina kwenye daftari. Kadi ya ahadi lazima iwe na kishina kama kitabu cha risiti. Kishina kinabaki kwa kamati, kadi inaondoka na mwenye ahadi, na vyote viwili vina namba moja.

Kipimo tunachotumia ni theluthi ya A4, yani upana milimita 210 na kimo milimita 99. A4 moja inatoa kadi tatu bila kubakiza kipande. Kutoka kushoto, milimita 70 ni kishina, halafu mstari wa kuchania, halafu milimita 140 ni kadi. Usichapishe kitu karibu na ukingo, acha milimita 5 kila upande, na mandhari yaache meupe. Ukijaza rangi mpaka ukingoni printa ya kawaida itakuachia mstari mweupe usio sawa, na itabidi uende kwenye karatasi kubwa zaidi ya A4 ili ikatwe, gharama juu bila faida.

Upande wa kadi, mbele, tuliandika hivi, ukiacha mstari wa bati nitakaoueleza mbele:

UJENZI WA KANISA, AWAMU YA PAA. Kadi Na. ......
Mimi / familia ya: ..........................
Jina linalotokea kwenye simu nikilipa: ..........................
Simu: (viboksi 10)
Jumuiya: ..........................
Naahidi kutoa: ☐ 1,000,000 ☐ 500,000 ☐ 200,000 ☐ 100,000 ☐ Kiasi changu ..............
Nitatoa: ☐ kila mwezi, Januari hadi Oktoba ☐ mara moja, tarehe .......... ☐ baada ya mavuno, mwezi wa ..........
Sahihi: ....................

Kwenye kishina ni vitu vilevile kwa ufupi, namba, jina, simu, jumuiya, kiasi, sahihi. Jina kwenye kishina lipe mistari miwili maana nafasi ya kuandikia ni milimita 60 tu, na huku kwetu mtu ana jina la ubatizo, jina la baba na la ukoo, akibanwa anaacha moja, na kwenye jumuiya moja unaweza kuwa na kina Mushi saba.

Ule mstari wa jina la kwenye simu uliongezwa baada ya mateso. Mzee anaahidi kwa jina lake, hela inaingia kwa jina la mkwewe wa Dodoma kwasababu ndo mwenye laini yenye salio, na mhasibu anabaki na elfu 50 isiyo na mwenyewe. Ukiuliza mapema, unaandika mapema. Viboksi kumi vya simu navyo sio urembo, mtu akiona boksi moja limebaki tupu anagundua mwenyewe kwamba karuka tarakimu.

"Baada ya mavuno" pia ipo kwa sababu. Kuna mkulima wa kahawa au mahindi ambaye kila mwezi hana kitu, ila ana mwezi wake mmoja. Ukimlazimisha kwenye mwezi kwa mwezi ataonekana mdaiwa kuanzia Februari wakati hajakosa neno.

Viboksi vya kiasi vipange kuanzia kikubwa kushuka. Kile cha "kiasi changu" kiwe na nafasi ya kutosha kuandikia na kisiwe kidogo kuliko vingine, maana mwenye elfu 30 yake anaangalia pale pale, akiona kaboksi kadogo kamebanwa pembeni anajua alivyofikiriwa.

Kuna mzee kwenye kamati alitaka tuongeze maneno makali kuhusu nadhiri na mkono wa Mungu. Nikamwambia baba, hii karatasi mtu ataibandika ukutani karibu na kalenda, akikwama mwezi wa nne akiiona ina vitisho ataitoa ukutani na ataanza kusali kanisa la jirani. Tukaacha.

Bati, saruji na ahadi za vitu

Hapa nitakaa kidogo. Watu wengi wanapenda kuahidi kitu badala ya hela, "mimi nitaleta bati kumi", na inasikika vizuri zaidi ikisomwa mbele za watu. Kwa saruji na mchanga haina shida sana, ila kishina kiandikwe idadi, mifuko 20, usiandike thamani ya leo. Bei ikipanda mwezi wa tano kamati ikidai hela ya bei ya zamani inapungukiwa mifuko, na ikidai bei mpya mtoaji anasema nilishaandika kiasi. Weka maneno kamili kwenye kadi: "Nitaleta mwenyewe" au "Nitatoa pesa kwa bei ya siku ya kulipa". Viboksi viwili tu na ugomvi unaisha.

Bati ni habari nyingine. Bati za watu kumi na tano zilizonunuliwa maduka tofauti, miezi tofauti, hata zote zikiitwa nyekundu geji 28, ukiziweka juu zinaonyesha mistari, moja imeiva moja imepauka, na mgongo mmoja haukai vizuri juu ya mwingine kwasababu mawimbi hayafanani. Nililiona hilo kwenye paa la jirani na halitoki akilini. Kwahiyo kwenye kadi ya paa sisi hatukuweka sehemu ya kuleta bati kabisa. Tukaweka "Naahidi bati ...... (kamati itanunua zote pamoja)", mtu anaandika 10, na chini yake karani anaandika ni shilingi ngapi kwa bei tuliyopewa na duka. Mtoaji anabaki na fahari yake ya bati kumi, na paa linabaki rangi moja.

Mgongo wa kadi, na tulivyopoteza karatasi 80

Nyuma ya kile kipande cha milimita 140 ndo pana jedwali la kulipa. Safu nne: tarehe milimita 25, kiasi 35, namba ya risiti 30, sahihi ya mpokeaji 40, jumla 130, zinabaki tano tano pembeni. Mistari kumi ya kimo cha milimita 7.5 kila mmoja, juu yake kichwa cha milimita 8. Jumla ni 83, ndani ya 99 inakaa na bado una sehemu ya kuandika lipa namba chini kwa herufi zinazoonekana na mtu aliyesahau miwani.

Kuhusu lipa namba, andika na jina litakalotokea kwenye simu mtu akishaweka namba, herufi kwa herufi. Kama imesajiliwa kwa jina la usharika na kadi imeandikwa jina la mtaa, watu watasita kubonyeza, na wana haki, matapeli ni wengi. Mara nyingi kwenye lipa namba hakuna pa kuandika kumbukumbu, kwahiyo chini yake tuliongeza "Ukishalipa tuma meseji yenye namba ya kadi yako kwa mhasibu". Namba ya kadi, sio jina.

Sasa aibu yenyewe. Mara ya kwanza nilipanga mbele kishina kushoto, na nyuma nikapanga jedwali kulia, nikifikiri kulia ni kulia. Karatasi ukiigeuza kama ukurasa wa kitabu kushoto inakuwa kulia, kwahiyo jedwali langu likaangukia nusu nyuma ya kishina, na mstari wa kuchania ukapita ndani ya safu ya namba ya risiti. Nilishachapa zote 80 ndo nikageuza ya juu. Kama mbele kishina kiko kushoto, ukurasa wa nyuma kishina lazima kiwe kulia na jedwali kushoto. Kwenye dirisha la kuchapa chagua `Flip on long edge` kama A4 imesimama, ukichagua `Flip on short edge` nyuma itatoka miguu juu. Chapa karatasi moja, iinue dirishani kwenye mwanga, angalia kama mstari wa kuchania wa mbele na wa nyuma umekutana. Ukitofautiana milimita moja sawa, tatu hapana, rekebisha kwanza.

Namba ziwe zinafuatana baada ya kukata

Kadi 200 za familia na 40 za akiba ni 240, kwahiyo A4 80. Ukiweka 001, 002, 003 kwenye karatasi ya kwanza halafu ukakata bunda zima kwa mashine, utapata marundo matatu, moja lina 001, 004, 007 na kuendelea, na kazi ya kuzipanga upya ni ya usiku mzima na mke anakuuliza hii biashara inalipa kweli. Fanya hivi, kadi ya juu ya kila karatasi iende 001 mpaka 080, ya kati 081 mpaka 160, ya chini 161 mpaka 240. Ukikata, kila rundo limejipanga lenyewe, unaweka la kwanza juu ya la pili juu ya la tatu, umemaliza.

Kwenye Excel weka vichwa vya safu Juu, Kati, Chini kwenye mstari wa kwanza, halafu kuanzia mstari wa pili weka hizi kwenye A2, B2 na C2, uvute mpaka mstari wa 81:

```
=TEXT(ROW()-1,"000")
=TEXT(ROW()+79,"000")
=TEXT(ROW()+159,"000")
```

Kwenye Word fungua faili la kurasa mbili, mbele na nyuma, nenda `Mailings`, `Start Mail Merge`, `Letters`, chagua faili la Excel, halafu weka `Insert Merge Field` kwenye kila kadi, kwenye kishina na kwenye kadi yenyewe, namba ileile mara mbili. `Finish & Merge` itakupa kurasa 160. Hakikisha ukurasa wa mwisho mbele una 080, 160 na 240, kama hauna basi kuna mstari umerukwa.

Karatasi na kukata

Manila au kadi ya gramu 200 hivi inatosha, inapita kwenye printa nyingi za ofisi na inachanika vizuri. Gramu 300 ni nzuri kwa harusi lakini kwenye kuchana inapasuka vibaya. Usikubali kadi ya kung'aa na usikubali ilaminetiwe, hata kama Mama Mchungaji anasema inadumu, kwasababu hii kadi inaandikwa kila mwezi. Jaribio ni dogo: chukua biro ile ile ya mhasibu, andika, hesabu mpaka kumi, pitisha kidole gumba. Wino ukivutika, rudisha hiyo karatasi.

Kama kuna mashine ya kutoboa mstari wa kuchania ni heri, mjini utaipata ukiuliza kwa wanaochapa vitabu vya risiti. Kama hakuna, chapa nukta nukta na siku ya kugawa mwe na rula ya chuma na mkasi mezani. Na kishina kijazwe kwanza, kichanwe, ndo mtu apewe kadi yake. Ukimpa kadi nzima aende nayo kwenye benchi kujaza, hutaiona tena wala kishina chake.

Siku ya pili yake vishina vinaingizwa kwenye Excel, namba kwenye A, jina B, jumuiya C, ahadi D, miezi kumi kuanzia E mpaka N, na salio kwenye O:

```
=D2-SUM(E2:N2)
```

Bas, hiyo ndo ofisi nzima ya ahadi. Vishina vyenyewe visitupwe, vifungwe kwa jumuiya, kwenye boksi la viatu, siku kompyuta ikigoma vinaongea.

Kadi ya shukrani

Hii watu wanaifanya haraka haraka mwishoni, na inaonekana. Kitu cha kwanza cha kuamua ni unamshukuru mtu kwa lipi. Jibu ni moja, unamshukuru kwa kilichoingia, sio kilichoahidiwa. Kamati moja niliyowahi kuifanyia kazi ilichukua orodha ya ahadi ikanipa nichape majina, kadi zikaenda, na baba mmoja aliyeahidi milioni akapokea "asante kwa mchango wako wa shilingi 1,000,000" wakati alikuwa kashindwa kutoa hata laki kwasababu mwanae alikuwa amelazwa. Alidhani wanamsuta. Orodha ya shukrani inatoka kwenye safu za E mpaka N, sio D.

Na kiasi usikiandike kabisa kwenye kadi ya shukrani. Kiasi kina risiti yake. Kadi ya shukrani inawekwa sebuleni juu ya kabati la vyombo, wageni wanaisoma, shemeji anaisoma, jirani aliyetoa elfu 40 anasoma ya laki tano. Andika jina kamili la mtu au familia, andika kazi iliyofanyika, na wekeni sahihi za mkono za mchungaji na mwenyekiti. Sahihi ya kuskani inajulikana hata na mtoto.

Maneno yetu yalikuwa haya, na sikuona haja ya zaidi:

"Familia ya ................
Tarehe ...... kanisa letu liliezekwa. Mkono wenu upo kwenye paa hili. Jumapili mvua ikinyesha, ibada inaendelea.
Asanteni sana."

Ile ya mvua alisema mama mmoja wa kwaya siku ya kwanza ya masika tulipokaa ndani wakavu, tukaichukua vilevile. Ukipata sentensi ya namna hiyo kutoka kwa watu wenyewe itumie, inazidi aya tatu za kuomba mibaraka. Chini yake acha nafasi tupu kama milimita 30 ili mchungaji aongeze mstari mmoja kwa mkono wake kwa anaowafahamu. Usiweke salio, usiweke lipa namba, usiweke tangazo la awamu ya sakafu. Kadi ya asante yenye lipa namba ni kadi ya kudai iliyovaa suti.

Kipimo ni A6, milimita 105 kwa 148, A4 inatoa nne, na bahasha ya C6 inaipokea bila kukunja. Mbele weka picha ya paa lililokamilika, picha ya kweli, ipigwe asubuhi jua likiwa mbele ya kanisa, na kama mlima umejitokeza nyuma bahati yenu. Picha ya kujaza A6 vizuri inahitaji nukta kama 1240 kwa 1748. Ile iliyopita kwenye WhatsApp mara mbili tatu huwa imepungua, mwambie aliyepiga aitume kama `Document`. Acheni ukingo mweupe wa milimita 6 kuzunguka picha ili mkate A4 mara mbili tu bila wasiwasi, kosa dogo la kukata halionekani. Karatasi hapa inaweza kuwa gramu 250 mpaka 300, upande wa picha ung'ae, upande wa kuandika uwe mkavu. Kadi za upande mmoja wa kung'aa zipo, taja hivo hivo dukani. Na chapa moja kwanza kwenye mashine ileile, maana bati la bluu la kwenye skrini linaweza kutoka karibu na zambarau.

Tulichapa za aina tatu, tofauti ni mstari mmoja tu. Aliyemaliza na aliyetoa sehemu wanapata maneno yaleyale, hakuna anayejua nani ni nani. Wa nje, ambao hawakuwepo siku ya kuezeka, mstari unasema "hamkuwepo ila mlikuwepo", na tunawatumia picha ya kadi kwanza halafu kadi yenyewe inamsubiri kwa mama yake mpaka Desemba. Wa tatu ni waliokuja msaragambo, waliobeba mbao kutoka barabarani kwasababu lori halikuweza kupanda, vijana wengi hawakuwa na kadi ya ahadi kabisa. Majina yao yaandikwe siku ile ile ya kazi, mtu akae na daftari pale, ukisubiri mwezi mmoja utawakumbuka watano kati ya ishirini.

Kadi ziende mkononi kupitia jumuiya, ndani ya wiki mbili tangu bati la mwisho. Kila iliyotolewa weka alama kwenye safu ya P ya ile Excel, ili asitokee mtu wa kupata mbili na mwingine akakosa.

Bado kuna vishina vya waliofariki kabla ya kumaliza. Sisi tulikuwa na viwili. Msiwapelekee watoto salio. Kishina kinaandikwa "imefungwa", salio kwenye Excel linawekwa sifuri kwa mkono na maelezo pembeni, na kadi ya shukrani inatengenezwa kwa jina la marehemu kama wengine wote. Mwenyekiti aliipeleka moja mwenyewe nyumbani kwa wafiwa, na yule binti mkubwa akaingia ndani akatoka na kadi ya ahadi ya baba yake, mistari sita imejazwa, minne mitupu, akauliza kama anaweza kuendelea nayo. Tulimpa kadi mpya kutoka zile 40 za akiba, yenye namba yake na jina lake, ile ya baba akabaki nayo.